Mteja akifuta maneno yake: Instagram, WhatsApp, Messenger na Telegram zinakuachia nini?

Anayeuza vikwembe Lubumbashi na kuwatumia wateja wa Kolwezi, Likasi au Kasumbalesa mara nyingi hana karatasi ya mapatano. Bei, idadi ya vipande, siku ya kutuma franga, nani analipa basi, yote yanasemwa kwa ujumbe wa faragha. Mteja anaona picha kwenye Instagram, anauliza bei palepale, mnaelewana, mzigo unaondoka. Shida inaanza siku anaposema, "Hapana mama, hatukupatana hivyo," nawe ukifungua mazungumzo unakuta sentensi yake ya kukubali haipo tena.

Nimezilinganisha programu nne kwa swali hilo moja: mtu wa upande wa pili akifuta maneno yake, wewe unabaki na nini kwenye simu yako, na unabaki na nini kwenye faili la data ambalo kila akaunti inakuruhusu kulipakua? Habari ya wateja wengi wako wapi au picha zinapendeza wapi ninaiacha pembeni. Kwa mapatano yenye pesa, mimi nachagua WhatsApp, na sababu zangu ziko hapa chini. Instagram ibaki kuwa meza ya kuonyeshea bidhaa, na Telegram sitaishauri kabisa kwa kazi hii.

Faili la data halifufui kilichofutwa

Nianze na jambo ambalo wengi wanalikosea, kwa sababu bila hilo ulinganisho wote unapotea. Wauzaji wengi wanaamini kwamba ukiomba data zote za akaunti yako, kampuni itakupa kila kitu kilichowahi kupita, hata kile ambacho mteja amefuta. Sivyo. Faili hilo linaandaliwa kutokana na kile ambacho akaunti yako inacho siku unapoomba. Mteja akifuta ujumbe wake kwa wote Jumatatu, nawe ukaomba faili Jumanne, faili halitakuwa na maneno yale. Kama uliomba Jumapili na ukalipakua, nakala yako inabaki vilevile alivyoandika, na hakuna anachoweza kufanya kuifikia.

Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2019 mtafiti wa usalama wa mitandao, Saugat Pokharel, alipakua data zake za Instagram akakuta ndani picha na ujumbe wa faragha aliokuwa ameufuta zaidi ya mwaka mmoja kabla. Aliripoti kasoro hiyo, kampuni ikairekebisha mwaka 2020 na kumlipa dola 6,000. Kwa hiyo ilikuwapo nafasi ambapo vitu vilivyofutwa vilitokea kwenye faili, lakini ilikuwa kasoro, na ilizibwa. Anayekuambia leo kwamba atakurudishia maneno ya mteja kwa njia hiyo, hasa akitaka umlipe kwanza au umpe nywila yako, usimpe chochote.

Kuna tofauti nyingine ya kushika vizuri. Kufuta ujumbe kwa wote na kufuta mazungumzo ni vitendo viwili. Kwenye Instagram, WhatsApp na Messenger, mteja akifuta mazungumzo yote upande wake, kwako hayaguswi, na faili lako litakuwa nayo kamili. Kinachokuumiza ni ule ujumbe mmojammoja alioufuta kwa wote. Na wewe pia: ukifuta mazungumzo yako ili kupunguza uzito wa simu, umejinyima nakala, ingawa mteja bado anayo.

Kwa ufupi, hali ni hii:

| Programu | Muda wa kufuta kwa wote | Alama inayobaki | Nakala inapatikana wapi |
|---|---|---|---|
| Instagram | Hauna mwisho | Hakuna | Faili la data za akaunti |
| WhatsApp | Zaidi kidogo ya siku 2 | Ipo, na saa yake | Kutoa mazungumzo kwenye simu yenyewe |
| Messenger | Mrefu | Ipo | Sehemu mbili tofauti |
| Telegram | Hauna mwisho, hata ujumbe wako wewe | Hakuna | Programu ya kompyuta |

Instagram: faili zuri, ulinzi mdogo

Kwenye Instagram mteja anabonyeza ujumbe wake bila kuachia kidole, anachagua "Annuler l'envoi" kwa simu iliyo kwa Kifaransa, na ujumbe unatoka kwake na kwako. Hakuna mstari unaosema kwamba kitu kimefutwa. Anaweza kufanya hivyo baada ya dakika moja au baada ya miezi sita. Ukisoma mazungumzo utaona maswali yako tu, kana kwamba ulikuwa unaongea peke yako, na hakuna wa kukuonyesha kwamba katikati palikuwa na jibu.

Kwa upande wa pili, faili la data la Instagram ni zuri kuliko la wengine wote kwa mtu anayejua kulisoma. Unaingia kwenye mipangilio, unafungua "Espace Comptes", kisha sehemu ya taarifa zako na ruhusa, kisha sehemu ya kupakua au kutoa taarifa zako. Hapo kuna mambo matatu yanayowaangusha watu. La kwanza, usichague data zote. Chagua ujumbe peke yake, la sivyo utapewa faili lenye video na picha zako zote na mega zako zitaisha kabla halijafika nusu. La pili, tazama kipindi: ukikuta kimewekwa mwaka mmoja tu na biashara unayoitafuta ni ya zamani zaidi, utadhani imefutwa kumbe hukuiomba. La tatu, faili likiwa tayari unapewa siku 4 za kulipakua, kisha kiungo kinakufa na unaanza tena. Maandalizi yenyewe huweza kuchukua dakika chache au siku kadhaa, kwa hiyo usiombe usiku huu kwa mkutano wa kesho asubuhi.

Ukilifungua faili la zip, mazungumzo yako hapa:

```
your_instagram_activity/messages/inbox/
your_instagram_activity/messages/message_requests/
```

Wengi wanafungua `inbox` tu, wanakosa mteja, wanakata tamaa. Mteja mpya ambaye hukuwa unamfuata huingia kwanza kwenye maombi ya ujumbe, na kama hukuyakubali, mazungumzo yake yako kwenye `message_requests`. Kila mtu ana folda yake, na ndani kuna `message_1.html` au `message_1.json`, kutegemea umbo ulilochagua. Picha na sauti alizotuma ziko kwenye folda ndogo kando yake. Mteja aliyefuta akaunti yake kabisa hapatikani kwa jina, maana jina lake linageuka kuwa la jumla la mtumiaji wa Instagram. Huyo mtafute kwa maneno uliyomwandikia wewe, kwa mfano bei au jina la kikwembe, ndani ya mafaili.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue muuzaji wa Kamalondo aliyeelewana na mteja wa Kolwezi kwenye Instagram tarehe 14 Machi 2025: vipande 12, nusu ya pesa inalipwa kabla, nusu Jumatatu mzigo ukifika. Aliomba faili lake wiki hiyohiyo, kwa umbo la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome. Ujumbe wa mteja unaonekana hivi:

```json
{
  "sender_name": "mteja",
  "timestamp_ms": 1741962743512,
  "content": "Nimekubali mama, d\u00c3\u00a9p\u00c3\u00b4t ni lundi"
}
```

Vitu viwili vinatisha hapo, na vyote vina maelezo. Ile namba ndefu ni saa. Ni milisekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Ukiigeuza unapata tarehe 14 Machi 2025, 14:32 na sekunde 23 kwa saa ya dunia. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko mbele kwa saa 2, kwa hiyo ujumbe ulitumwa saa 16:32 kwa saa ya hapa. Watu wanasahau kuongeza saa hizo 2, kisha wanabishana na mteja kuhusu ujumbe ambao kwenye simu unaonyesha saa nyingine, na mteja anasema faili limeghushiwa.

Kitu cha pili ni zile herufi zilizovurugika. Sisi huku tunachanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na mafaili ya JSON ya Instagram na Facebook huandika vibaya kila herufi yenye alama juu yake. Neno lililoharibika hapo ni `dépôt`. Maneno hayajapotea, herufi zake zimegeuzwa kuwa namba za kompyuta mara mbili tu. Mwenye Python kwenye kompyuta anayarudisha kwa mstari mmoja:

```python
s = "d\u00c3\u00a9p\u00c3\u00b4t"
print(s.encode("latin1").decode("utf8"))
```

Kama huna mtu wa kompyuta karibu, omba faili kwa umbo la HTML. Hilo linafunguka kwenye simu kama ukurasa wa kawaida, herufi ziko sawa, na tarehe imeandikwa kwa maneno. Mimi naomba yote mawili: HTML ya kumsomea mteja, JSON ya kujua saa kamili hadi sekunde.

Sasa geuza mfano. Tuseme muuzaji yule hakuomba chochote mwezi wa Machi. Mteja akafuta ujumbe wake mwezi wa Mei, na faili likaombwa Juni. Kitakachoonekana ni ujumbe wa muuzaji kabla ya 16:32 na ujumbe wake mwingine baada ya hapo, na kati yao hakuna kitu. Hakuna pengo lililoandikwa, hakuna tarehe ya kufutwa. Ila kama baada ya mteja kukubali muuzaji aliandika, "Sawa ndugu, basi ni vipande 12, nusu umeshatuma, nusu Jumatatu," sentensi hiyo ipo, na saa yake ipo. Mteja hawezi kuigusa.

WhatsApp: kinachofutwa kinaacha kovu

Hapa ndipo WhatsApp inapoishinda Instagram. Mteja ana muda wa zaidi kidogo ya siku 2 kufuta kwa wote. Baada ya hapo anaweza kufuta upande wake tu. Na akifuta ndani ya muda huo, mahali pa ujumbe panabaki mstari "Ce message a été supprimé", wenye jina lake na saa aliyotuma. Maneno hayapo, lakini tendo linaonekana. Mtu aliyefuta ujumbe wa saa 16:32, mara tu baada ya swali lako la "umekubali bei?", ana la kueleza mbele ya watu. Mstari ule usiufute kwako, hata kama unakuudhi, maana ukiufuta kovu lenyewe linaondoka.

Nakala ya WhatsApp haitoki kwa kampuni. Wengi wanakwenda kwenye mipangilio ya akaunti, wanaomba taarifa za akaunti, wanasubiri siku karibu 3, halafu wanapokea ripoti isiyo na ujumbe hata mmoja. Ripoti ile ina mipangilio na taarifa za akaunti yako. Mazungumzo hayamo kwa sababu yamesimbwa, yaani yamefungwa kwa siri, kutoka simu hadi simu, na kampuni haina maneno ya kukupa. Nakala unaitoa mwenyewe: fungua mazungumzo na mteja huyo, gusa nukta tatu juu, ingia kwenye chaguo zaidi, kisha utoe mazungumzo. Kwenye iPhone unaanza kwa kugusa jina la mteja. Bila picha na sauti unaweza kutoa hadi ujumbe 40,000, pamoja navyo 10,000 wa karibuni, na maneno yanakuja kama faili la `.txt`. Ukijitumia kwa imeili palepale, linabaki na tarehe ya kutumwa.

Mpaka wake nao uko wazi. Faili la maandishi mtu yeyote anaweza kulifungua na kubadili namba, kwa hiyo peke yake ni ushahidi dhaifu. Linapata nguvu likiwa pamoja na simu yenyewe, mazungumzo yakiwa bado ndani. Pia chunguza mipangilio miwili kabla ya kupatana. Mmoja ni ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90: mteja akiuwasha, mapatano yenu yataondoka yenyewe bila mtu kufuta chochote. Wa pili ni faragha ya juu ya mazungumzo, iliyoletwa mwaka 2025, ambayo upande wowote ukiiwasha inazuia wote kutoa mazungumzo. Mabadiliko yote mawili yanatangazwa kwa mstari ndani ya mazungumzo, kwa hiyo yanaonekana ukiyasoma. Ukikuta faragha hiyo imewashwa, bado unaweza kupiga picha ya skrini.

Jambo moja zaidi kuhusu vokali, yaani ujumbe wa sauti, maana Lubumbashi mapatano mengi yanasemwa kwa mdomo. Vokali ikifutwa kwa wote inaondoka kama maandishi. Na ukitoa mazungumzo bila midia, faili la `.txt` litakuonyesha tu kwamba kulikuwa na midia. Kwa mteja anayependa kuongea, kubali kutumia mega chache zaidi na uitoe pamoja na sauti zake.

Messenger na Telegram

Messenger inaacha alama ukifutiwa ujumbe, na hilo ni zuri. Ugumu wake uko kwenye nakala. Tangu Desemba 2023 mazungumzo ya watu binafsi yalianza kusimbwa kutoka mwisho hadi mwisho bila wewe kuchagua, na tangu hapo faili la kawaida la data za Facebook halina ujumbe wa baada ya mabadiliko hayo. Ule wa kabla yake mara nyingi utaukuta kwenye folda iitwayo `e2ee_cutover`. Ule wa baadaye unapakuliwa kwingine, kupitia mipangilio ya faragha ya Messenger kwenye kivinjari, sehemu ya hifadhi ya ujumbe, na lazima uwe uliwasha hifadhi hiyo. Kwa hiyo mtu anayefungua faili la Facebook na kukuta mazungumzo na mteja yanakatika ghafla siku fulani asidhani mteja amefuta; amefika ukingo wa usimbaji. Ukisahau PIN ya hifadhi hiyo na simu ikaibiwa, nakala ya pili huna. Kwa muuzaji mwenye shughuli nyingi, hii ni milango mingi mno.

Telegram ni jambo la haraka. Tangu Machi 2019, katika mazungumzo ya watu wawili, kila mmoja anaweza kufuta ujumbe wowote pande zote mbili, wakati wowote, pamoja na ule ulioandikwa na mwenzake, bila alama. Yaani mteja wa Kolwezi anaweza kuondoa sentensi yako ya bei kutoka kwenye simu yako. Nakala inatolewa vizuri sana kwa Telegram ya kompyuta, kwa HTML au JSON, lakini wauzaji wengi wanafanya kazi kwa simu tu. Nakala nzuri ya kitu ambacho mwenzako anaweza kukisafisha kabla hujafika kwenye kompyuta haikusaidii.

Jinsi ninavyoziunganisha

Acha mteja aulize bei Instagram, maana ndiko alikoona picha. Akisema anataka kununua, mwambie kwa heshima: "Papa, tuendelee WhatsApp ili nikuandikie hesabu yote." Huko, usimwache yeye aandike masharti kisha wewe ukajibu "sawa". Andika wewe: aina ya kikwembe, vipande, bei ya kimoja na jumla, kama ni dola au franga, kiasi kilichotumwa kwa M-Pesa au Airtel Money na tarehe yake, siku ya salio, nani analipa basi. Yeye ajibu amekubali. Akifuta jibu lake, masharti yako yanabaki kwa sababu wewe ndiye uliyeyaandika, na kovu la jibu lake linabaki chini yake. Akituma vokali, mjibu kwa maandishi ukirudia alichosema.

Usiondoe mzigo kwenye ajensi ya basi kabla jibu lake halijaja na hujatoa mazungumzo hayo. Dakika mbili zinatosha. Kwa salio kubwa, subiri siku 3 zipite tangu ajibu, kwa kuwa muda wake wa kufuta kwa wote utakuwa umekwisha, kisha toa nakala ya pili. Na kama mapatano yalianzia Instagram na hukuweza kumhamisha, omba faili la data jioni ileile, ujumbe tu, kipindi kifupi, umbo la HTML na JSON. Zip iliyopakuliwa usiifungue juu ya nakala pekee: iache nzima kama ilivyokuja, ifungue kutoka nakala nyingine, na imeili iliyokuarifu kwamba faili liko tayari uihifadhi, maana ndiyo inayoonyesha ni tarehe ngapi data ile ilichukuliwa.